Barua ya Kumnyima Mama Povu

Siku bahasha za zabuni ya kufua nguo za hospitali zilipofunguliwa, Mama Povu alisimama katikati ya ukumbi, mkoba kwapani, akasema mbele za watu wote:

"Hii ni mara ya tatu naomba kazi hapa. Nikikosa, nimekosa, sitalia. Lakini mkiniletea tena ile barua ya mstari mmoja, nauza mashine zangu zote nikae nyumbani niwafulie wajukuu. Hao angalau wananiambia wametapika wapi."

Watu walicheka. Meneja wa ununuzi hakucheka. Ile barua ya mstari mmoja aliisaini yeye, mara zote mbili. "Tunasikitika kukufahamisha kwamba zabuni yako haikufanikiwa." Nukta, saini, muhuri. Ndivyo ilivyokuwa ikiandikwa tangu enzi za aliyemtangulia, na hakuna aliyeona ubaya wake isipokuwa waliokuwa wakiipokea.

Kisha bei zikasomwa kwa sauti, kama kanuni inavyotaka, kila mzabuni akiandika za wenzake. Bei ya Mama Povu ikawa ndogo kuliko zote. Alikunja karatasi yake, akaitia mkobani, akatoka. Hapo ndipo mzigo ulipomwelemea Meneja. Mtu aliyeleta bei ndogo kuliko wote akikosa kazi, atafikiri jambo moja tu: kuna aliyekula. Na huwezi kumlaumu.

Mama Povu alikuwa na kiwanda chake nyuma ya ghala la mbao. Mashine nne za kufua, mbili za kukausha, matangi ya maji yaliyopangwa ukutani kama mitungi ya bibi harusi, na jenereta ambayo mumewe marehemu aliinunua ikiwa imekufa akaifufua mwenyewe. Alifanya kazi na dada yake na mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa. Aliwafulia wenye nyumba za wageni, mabweni, na saluni za mjini. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa ameshapata mteja wa zile mashine. Alimpigia simu kila Jumapili.

"Shemeji, chuma hakizai. Kinaliwa na kutu. Uza."

"Subiri barua," Mama Povu alimjibu kila Jumapili.

Kamati ya tathmini ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti ni Injinia wa majengo ya hospitali, mtu mrefu wa maneno na wa kimo. Wa pili ni Matroni, ambaye ndiye mwenye kubeba hasara shuka zisipofika wodini. Wa tatu ni Mhasibu, ambaye alisema akiulizwa tu, na hata hapo aliulizwa mara mbili. Walikaa, wakatoa alama, wakaandika ripoti. Bodi ya zabuni ikaipitisha. Mzabuni Namba Mbili alipata alama themanini na nne kwa mia. Mama Povu, ambaye ni Mzabuni Namba Tatu, akapata sabini na sita. Akafuatiwa kwa mbali na bwana mmoja ambaye pale ofisini walimwita Mwenye Tai, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona shingo. Wa nne aliondolewa mwanzoni kabisa kwa kutoambatisha dhamana ya zabuni.

Mkurugenzi alimpigia Meneja simu asubuhi.

"Barua za kusudio la kumpa mshindi mkataba zitoke leo. Mkataba wa sasa unaisha, na kuna siku za kusubiri malalamiko kabla hatujasaini. Sitaki wagonjwa walale kwenye magodoro matupu."

"Zitatoka, Mkurugenzi."

"Na usisahau kanuni mpya. Kila aliyekosa aambiwe alama zake na sababu. Siri za wenzake usiziguse. Ukiteleza hapo, tutaonana mahakamani mimi na wewe, tena upande mmoja."

Alisema kama utani, lakini hakuwa anatania.

Meneja alifunga mlango wa ofisi. Chumba chenyewe kilikuwa na meza moja, feni iliyolia kama inaumwa, na kabati la chuma lenye kufuli mbili. Ndani ya kabati hilo ndimo zilimokaa zabuni zote, kila moja na siri zake: nani anakodi wapi, nani ana mkataba na nani, nani anatoaje doa. Akafungua, akatoa faili za alama, akaanza na barua nyepesi.

Ya yule asiye na dhamana ilimchukua muda mfupi. Sababu ilikuwa moja na ilikuwa yake mwenyewe mzabuni. Kisha akaivuta ya Mama Povu.

Bei: thelathini kwa thelathini. Vizuri. Uzoefu: kumi kwa ishirini. Sababu: ameorodhesha kazi nyingi lakini ameambatisha barua ya mteja mmoja tu. Vizuri, hiyo inaandikika. Mashine: kumi na mbili kwa kumi na tano. Sababu: kikaushio kimoja hakina cheti cha ukaguzi. Inaandikika. Usafi na kutenganisha nguo za wodi: kumi na nane kwa ishirini. Hongera yake.

Mpango wa dharura: sita kwa kumi na tano. Sababu, kwa mwandiko wa Injinia:

"Hana kisima kama Mzabuni Namba Mbili. Jenereta yake ni ndogo kuliko ya Mzabuni Namba Mbili. Hana karakana ya pili kama ya Mzabuni Namba Mbili."

Meneja akachukua kalamu ya risasi. Maneno haya hayawezi kwenda kwa Mama Povu. Kisima cha mtu, jenereta ya mtu, karakana ya mtu, hayo ni mambo aliyoyaweka ndani ya bahasha akiamini yatabaki ndani. Akaanza kukata. Akakata kisima. Akakata Mzabuni Namba Mbili, mara tatu. Akakata karakana. Alipomaliza, akasoma kilichobaki.

"Hana. Jenereta yake ni ndogo kuliko. Hana."

Akaweka kalamu chini.

Akajaribu kwa njia nyingine. "Mpango wenu wa dharura haukutosheleza." Akaitazama sentensi hiyo. Ilikuwa nadhifu, ilikuwa na adabu, na ilikuwa ndugu wa toka nitoke wa ile barua ya mstari mmoja. Haukutosheleza nini? Mama Povu angeuliza hivyo hivyo, tena kwa sauti ya kusikika hadi famasi.

Basi Meneja akatoa nyaraka za zabuni zenyewe, zile walizopewa wazabuni wote kabla ya kuomba, akatafuta kigezo hicho kilivyotangazwa. Alama kumi na tano. Tano kwa mwenye maji ya akiba ya siku mbili. Tano kwa mwenye umeme mbadala wa kuendesha angalau nusu ya mashine. Tano kwa mwenye mahali pengine pa kufulia mashine zikiharibika, na aambatishe makubaliano.

Hapakuwa na neno kisima. Hapakuwa na neno kuliko.

Akafungua zabuni ya Mama Povu. Matangi, pamoja na picha zake: maji ya siku mbili na zaidi. Jenereta: inaendesha mashine tatu kwa pamoja. Mahali pengine: "Nitafulia kwa rafiki yangu mwenye mashine." Jina la rafiki lipo, makubaliano hayapo.

Akafungua karatasi ya alama ya Mwenye Tai. Mwandiko ule ule, ugonjwa ule ule. "Matangi yake machache kuliko ya Mzabuni Namba Tatu." Naye alikuwa na maji ya siku mbili.

Meneja alikaa pale akiisikiliza feni. Tofauti ya Mama Povu na mshindi ilikuwa alama nane. Alama alizokatwa kwenye kigezo hiki ni tisa. Hata mtoto wa chekechea angejua hesabu hiyo inaweza kuishia wapi.

Injinia alikuwa uani, akimfokea fundi wa mabomba. Meneja alimngoja amalize, wakasogea kivulini penye ukuta.

"Barua ya Mzabuni Namba Tatu haiandikiki," alisema.

"Kivipi haiandikiki? Umeishiwa wino?"

"Nikitoa habari za mwenzake, habaki na kosa. Soma."

Injinia alisoma karatasi iliyokatwakatwa. Akaigeuza nyuma, kana kwamba sababu zingine zimejificha huko.

"Si uandike haukutosheleza?"

"Ulitosheleza, Injinia. Tulisema maji ya siku mbili. Anayo."

"Lakini huyu mwingine ana kisima! Mama yangu, kisima! Utalinganisha kisima na matangi?"

"Hatukuambiwa tulinganishe. Tuliambiwa tupime. Ungetaka kisima ungekiandika kwenye vigezo tangu mwanzo, na wote wangejua."

"Sasa mtu mwenye kisima asipate faida yoyote?"

"Anapata tano zake. Na mwenye matangi anapata tano zake. Mlango ni ule ule, aliyeingia kwa gari na aliyeingia kwa miguu wote wameingia."

Injinia alivuta pumzi hadi mabega yakapanda.

"Sema ukweli. Huyu mama ni shoga yako?"

"Hata salamu yake sijawahi kuipokea vizuri. Ananichukia tangu barua ya kwanza."

"Basi unajitafutia nini? Bodi imeshapitisha. Mkurugenzi anataka barua. Ukirudisha hii, watasema kamati haijui kazi. Na mwenyekiti wa kamati ni nani? Mimi!"

"Nikiituma hivi, atalalamika, na malalamiko yakifika kwenye tume ya rufaa za zabuni watafungua karatasi hizi hizi, watasoma mwandiko huu huu. Hapo watasema nini juu ya mwenyekiti?"

Fundi wa mabomba aliita kutoka kwenye shimo: "Injinia, hili bomba lifungwe au liachwe?"

"Liache lilivyo!" Injinia alifoka. Kisha akamgeukia Meneja, sauti imeshuka. "Kwa hiyo?"

"Tunamwandikia Mkurugenzi tukiwa bado hatujamwambia mzabuni yeyote neno. Anairudisha ripoti kwa kamati. Mnakipima upya kigezo hicho, kwa wazabuni wote, siyo kwake tu. Mnaandika sababu. Bodi inapitisha upya."

"Na akishinda huyo mama?"

"Akishinda, ameshinda."

"Na asiposhinda? Si tutakuwa tumehangaika bure?"

Meneja alikunja karatasi yake.

"Asiposhinda, nitakuwa na kitu cha kumwambia."

Mkurugenzi alinguruma, lakini alikuwa mtu wa kusoma kabla ya kunguruma mara ya pili. Alisoma kigezo, akasoma mwandiko wa Injinia, akasaini kurudisha ripoti. "Fanyeni haraka," alisema. "Na huyo Injinia mwambie hospitali hainunui kisima, inanunua shuka safi."

Kesho yake kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano, mlango umefungwa, simu zote kwenye kikapu. Meneja alikaa pembeni kama katibu. Hakuwa na alama ya kutoa. Alichoomba ni kitu kimoja: mbele ya kila mjumbe kuwe na vigezo vilivyotangazwa na zabuni moja tu kwa wakati mmoja. Ikishasomwa, inafungwa, inarudi kwake, ndipo nyingine inafunguliwa.

"Kama mitihani," Matroni alisema.

"Kama mitihani, Matroni. Mwanafunzi hasahihishwi kwa daftari la jirani."

Walianza na Mwenye Tai. Maji, yapo. Umeme, hautoshi nusu ya mashine. Mahali pengine, hakuna. Alipanda kidogo, lakini alikuwa mbali, akabaki mbali.

Wakafungua ya Mzabuni Namba Mbili. Maji, yapo. Injinia alifungua mdomo kuhusu kisima, Matroni akamtazama, akaufunga. Umeme, upo. Mahali pengine, makubaliano yameambatishwa.

"Subiri," Mhasibu alisema.

Wote waligeuka. Mhasibu alikuwa amesema bila kuulizwa.

"Haya makubaliano yanaisha katikati ya mkataba wetu. Miezi mingine hana mahali. Mimi siwezi kumpa tano."

Wakayasoma. Kweli. Mara ya kwanza hakuna aliyeyasoma, kwa sababu kisima kilikuwa kimeshawalevya. Walikubaliana nne. Mzabuni Namba Mbili akashuka, akawa na themanini na tatu.

Injinia alilegeza ukosi. Kila mmoja alijua nani anafuata, na kila mmoja alikuwa ameshapiga hesabu kichwani, ingawa walikatazwa kulinganisha.

Zabuni ya Mama Povu ilifunguliwa. Maji ya siku mbili.

"Tano," alisema Matroni. Injinia akaitikia kwa kichwa. Mhasibu pia.

Umeme.

"Hii jenereta naijua," Injinia alisema. "Ilikuwa ya kinu. Ilikufa kabisa. Marehemu aliitengeneza kwa mikono yake." Akakohoa. "Inaendesha tatu kati ya nne. Tano."

Mahali pengine. Matroni alisoma kwa sauti: "'Nitafulia kwa rafiki yangu mwenye mashine.' Jamani, mwanamke huyu! Makubaliano yako wapi?"

Walipekua. Hayapo. Walipekua tena, na safari hii Meneja naye alijikuta ameinua shingo kutoka kwenye kiti chake cha pembeni. Hayapo.

"Mpeni tatu," Injinia alisema ghafla. "Rafiki anamtaja jina. Mpeni tatu, au nne, mambo yaishe."

Meneja alimtazama. Jana alikuwa mtu wa kisima, leo ni wakili wa Mama Povu. Binadamu akionyeshwa amemwonea mtu, mara nyingi hukimbilia kumwonea mwingine ili mizani ikae sawa.

"Kigezo kinasema aambatishe," Matroni alisema. "Mimi ningependa apate. Madoa ya damu anayaondoa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Lakini mashine zikifa usiku, rafiki akikataa, shuka zangu zitafuliwa na urafiki?"

Mhasibu aliulizwa mara moja tu. "Moja," alisema. "Ametaja mahali. Hakuthibitisha."

Walikubaliana moja. Kumi na moja kwa kumi na tano. Jumla yake, themanini na moja.

Injinia aliegemea kiti, akapangusa paji la uso.

"Alama mbili! Mshindi ni yule yule. Si nilisema tutahangaika bure?"

Meneja alikuwa tayari anaandika.

Barua aliyoiandika, bodi ilipokwisha kupitisha upya, ilikuwa ya kurasa mbili. Alimtaja mshindi kwa jina, bei ya mkataba, na jumla ya alama zake, kwa sababu hayo kanuni inaruhusu na bei ilishasomwa hadharani. Zaidi ya hapo hakumgusa. Mengine yote yalimhusu Mama Povu peke yake:

"Bei: 30 kati ya 30. Bei yenu ilikuwa ndogo kuliko zote.

"Uzoefu: 10 kati ya 20. Mmeorodhesha wateja kumi na mmoja. Nyaraka zilitaka barua ya uthibitisho kwa kila kazi. Mliambatisha moja.

"Mashine: 12 kati ya 15. Cheti cha ukaguzi cha kikaushio cha pili hakikuambatishwa.

"Usafi na utenganishaji wa nguo: 18 kati ya 20. Maelezo yenu yalikuwa kamili. Hamkuonyesha rangi za mifuko ya nguo za wodi ya maambukizi.

"Mpango wa dharura: 11 kati ya 15. Maji na umeme: mmekidhi kikamilifu. Mahali mbadala: mmetaja bila kuambatisha makubaliano.

"Mna haki ya kuomba maelezo zaidi kuhusu zabuni yenu, na kuwasilisha malalamiko ndani ya kipindi cha kusubiri kilichotajwa hapa chini."

Aliisoma mara mbili akitafuta neno lolote ambalo mwenzake Mama Povu angelitambua kuwa lake. Hakuliona. Akasaini.

Mama Povu alikuja na barua mkononi. Hakupiga simu kwanza, hakuomba miadi. Alikuta kuna mtu ndani, akakaa kwenye benchi la korido, magoti pamoja, mkoba juu ya magoti. Mlango haukufungwa vizuri kwa sababu bawaba ilikuwa imelegea, na sauti ya Mwenye Tai haikuwa ya kunong'ona.

"Mimi silalamiki, dada yangu. Nataka kujifunza tu. Kwenye usafi nimepata kumi na moja. Kuna mtu amepata zaidi, si ndiyo? Nionyeshe alivyoandika. Kurasa mbili tu. Hata nisizitoe hapa, nisome nikiwa nimesimama."

"Ukisimama au ukikaa, hapana."

"Yule mama wa povu, si yeye? Watu wanasema ana dawa yake ya madoa ya damu. Ameiandika humo, sivyo?"

"Kaka yangu, kilicho kwenye bahasha ya mtu ni cha mtu. Hata mshindi akija hapa na mkataba wake mkononi, hatapewa. Tuzungumze kuhusu bahasha yako. Hukueleza nguo za maambukizi zinabebwaje. Hilo ni lako, nalo naweza kukueleza mpaka jioni."

Kwenye benchi, Mama Povu alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili.

Mwenye Tai alitoka, akamkuta, akashtuka, akainua tai kidogo badala ya kofia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Madoa hayajambo?"

Akapita haraka. Mama Povu aliingia, akakaa bila kukaribishwa, akaweka barua mezani.

"Nilikuja kugombana," alisema.

"Karibu."

"Nilikuwa na maneno yangu yote tangu nyumbani. Kwamba mimi ndiye bei ndogo. Kwamba huyu aliyeshinda ana nini mimi sina, mnionyeshe. Nilitaka unionyeshe karatasi zake, hapa hapa juu ya meza." Akaielekezea meza kidole, kisha akakirudisha. "Sasa siulizi tena hilo."

"Ningekunyima."

"Najua. Nimekusikia unavyonyima." Akavuta barua karibu. "Hizi alama kumi za uzoefu. Kwa hiyo mnasema sijafanya kazi?"

"Hapana. Tunasema hukutuonyesha. Umeandika wateja kumi na mmoja. Barua ni moja."

"Sasa mimi nitamwomba mtu barua? Mteja akiridhika analeta nguo tena. Hiyo ndiyo barua yake."

"Sisi hatuoni nguo alizorudisha. Tunaona karatasi."

Mama Povu alihesabu kitu kwa vidole, akikigusa kidole kimoja kimoja kwenye kidole gumba.

"Na huyu rafiki yangu mwenye mashine. Angeandika makubaliano hata kwa mate. Tumesoma naye."

"Uliambatisha jina lake tu."

"Kwa hiyo," alisema polepole, "zile mbili nilizopungukiwa, zilikuwa mezani kwangu."

"Zilikuwa mezani kwako."

Meneja alitarajia hasira. Mtu akiambiwa kaonewa, hupata faraja fulani. Akiambiwa kosa ni lake, mara nyingi huumia zaidi. Lakini Mama Povu alipumua kwa nguvu, kisha akacheka, kicheko kifupi cha kukereka.

"Mungu wangu. Miaka yote hii nimeamini mmekula pesa."

"Nilijua."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuandikia mstari mmoja. Nami ningekuwa wewe ningeamini hivyo hivyo."

Mama Povu alimtazama kwa mara ya kwanza bila kumpima.

"Mngenipa hii barua mara ya kwanza, leo hospitali hii ingekuwa inalalia shuka nyeupe. Hizo mlizonazo, nimeziona pale wodini. Zina rangi ya chai." Akasimama. "Sitapeleka malalamiko. Chuo cha uuguzi kimetangaza zabuni ya kufulia mabweni. Nilikuwa nimeiacha. Wanafunga lini?"

"Hiyo siyo yangu, siwezi kukusaidia kuiandika. Lakini tangazo liko ubaoni pale nje. Soma vigezo kabla hujasoma bei."

Korido ilikuwa na watu. Mama Povu alisimama mbele ya ubao, akavaa miwani, akasoma tangazo kwa mdomo unaotembea. Simu ikaita ndani ya mkoba. Ilikuwa ya shemeji, na haikuwa Jumapili.

"Shemeji, barua imekuja?"

"Imekuja."

"Umekosa?"

"Nimekosa."

"Pole. Basi huyu mteja wa mashine yuko hapa nami, na gari analo."

"Mwambie asichome mafuta bure. Na wewe kesho njoo, nataka unipeleke kwa mkaguzi na kile kikaushio cha pili. Tangu lini hakina cheti, na wewe ndiye uliyesema utashughulikia?"

Shemeji alianza kujieleza. Mama Povu alikata simu.

Nyumba ya wageni iliyo karibu na hospitali ilikuwa mteja wake wa siku nyingi. Mwenye nyumba alikuwa mapokezi, akipanga funguo kwenye ndoano. Alipomwona, uso ukamng'aa.

"Mama Povu! Leo siyo siku ya mapazia."

"Leo sijafuata mapazia. Nataka uniandikie barua. Kwamba nakufulia, tangu lini, shuka ngapi kwa wiki, na kama nimewahi kukupotezea hata foronya moja. Uipige muhuri."

"Barua? Sisi na wewe? Miaka yote hii tumekwenda kwa mdomo. Kwani tumegombana?"

"Hatujagombana. Kwa mdomo wewe unanijua. Wengine hawana masikio, wana macho tu."

Mwenye nyumba alikuna kichwa, akavuta karatasi kutoka chini ya kaunta.

"Haya. Lakini ile foronya ya maua je? Ile ilipotea."

"Ile ulimpa dada yako ukasahau. Andika."

"Mimi nimempa dada yangu?"

"Andika, mzee. Muhuri uko wapi? Nina wengine tisa wa kuwapitia kabla hawajafunga."